Mwajiri Anapokuongeza Mshahara Ukiwa Umeshaaga



Juma hili tunalishughulikia swali ambalo huwafika dada zetu wengi wanaofanya kazi maofisini. Mtu ameandika barua ya kujiuzulu, ameikabidhi kwa meneja, na kabla juma halijaisha anaitwa, mlango unafungwa, anaambiwa: usiende, tutakuongeza mshahara. Kule anakokwenda wanamngojea. Nyumbani mume ana rai yake na mama mzazi ana yake. Afuate lipi?

Hatusemi kwamba kila anayeongezwa akatae, kwa kuwa wako waliobaki wakafanikiwa. Tunalolisema ni kwamba nyongeza ya namna hii haipimwi kwa ukubwa wa mshahara uliotajwa. Hupimwa kwa sababu iliyomfanya mtu aandike barua. Na akiamua kuikubali, aikubali kwa karatasi na sahihi, kwa maana barua ya kujiuzulu haifutwi kwa maneno ya mdomo.

Tuuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Likoni, karani wa hati katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi yao iko Shimanzi. Amefanya kazi hapo miaka mitano. Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 58,000. Kazi anaiweza na wenzake anapatana nao. Kinachomchosha ni saa. Meli zikiingia, hati hutakiwa zikamilike upesi kabla makontena hayajaanza kutozwa gharama ya kukawia bandarini, na anayezikamilisha ni yeye. Siku nyingi hutoka ofisini saa moja au saa mbili za usiku. Magharibi humkuta mezani, na akivuka feri na kufika nyumbani huwakuta watoto wamelala. Mara mbili amemwomba meneja msaidizi, na mara zote mbili ameambiwa avumilie.

Sasa shule moja ya upande wa Likoni imempa kazi ya hesabu kwa shilingi 66,000, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, tena ni karibu na nyumbani, kwenda na kurudi ni kwa miguu. Akaandika barua ya notisi ya siku 28. Siku ya tatu meneja akamwita.

"Keti, Bi. Sisi hapa tumekuwa kama jamaa. Hao wanakulipa ngapi?"

Akamwambia.

"Mimi nitakupa 72,000, na barua yako naichana sasa hivi. Tumeelewana?"

Hapo ndipo pagumu. Mtu amesifiwa, ametajiwa fedha nyingi kuliko alizoahidiwa kwingine, na anatakiwa ajibu papo hapo mbele ya mkubwa wake. Jawabu jema ni fupi: "Nakushukuru, bwana, kwa kunithamini. Naomba siku mbili nishauriane na nyumbani, na naomba uniandikie hayo uliyoyasema." Asiseme ndiyo, asiseme la, wala asianze kutoa malalamiko yake ya miaka mitano. Ombi la maandishi si utovu wa adabu, na mara nyingi peke yake humfunulia mtu mengi. Mwenye nia huandika. Asiyekuwa nayo husema, "Kwani huniamini?"

Tumtendee haki meneja naye. Si lazima awe mtu wa hila. Anapoipokea barua ya kujiuzulu, anachokiona ni meza tupu: atafute karani mwingine, amfundishe mitambo ya forodha na ya bandari, na katika miezi hiyo ya kujifunza kosa moja katika hati laweza kumgharimu zaidi ya hiyo nyongeza ya mwaka mzima. Kwake yeye shilingi 14,000 kwa mwezi ni bei nafuu ya kuiondoa taabu hiyo. Ndiyo maana fedha ambazo hazikuwapo mwezi uliopita zimepatikana kwa dakika tano. Hilo si dhambi, ila lafaa kukumbukwa, kwa sababu nyongeza iliyotolewa ili kuondoa dharura inaweza kusahaulika dharura ikishapita. Mtu hubaki, meneja naye akaanza polepole kumfundisha mwingine kazi ile ile, asije akakwama tena. Au nyongeza ya Januari ikifika, wenzake wote wakaongezwa isipokuwa yeye, akaambiwa: wewe ulishapewa yako.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kabla ya zile siku mbili kwisha ni ya fedha yenyewe ilivyo. Je, hizo 14,000 zimeingizwa katika mshahara wa msingi, au ni marupurupu yanayoweza kuondolewa kwa waraka wa mstari mmoja? Zinaanza mwezi huu au "bajeti ikipita"? Na nyongeza ya kila mwaka iko pale pale, au hii ndiyo hiyo imeletwa mapema? Majibu ya maswali haya yaandikwe ndani ya barua ile ile.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu hapa wengi hukosea. Hulinganisha 72,000 na 66,000, wakaona tofauti ya 6,000. Lakini nyumbani hatuleti mshahara wa kabla ya makato. Kwa makato yalivyokuwa mwaka 2025, mtu mwenye mshahara wa kiasi hiki, kila shilingi inayoongezwa hukatwa asilimia 6 ya NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, kisha kinachobaki hutozwa ushuru wa mapato wa asilimia 30. Ukizipiga hesabu hizo, katika kila shilingi 1,000 ya nyongeza hufika mkononi takriban 628. Basi ile tofauti ya 6,000 baina ya ofisi ya zamani na shule ni kama 3,770 tu kwa mwezi.

Sasa mama huyu aangalie gharama za kubaki. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini matatu za pande zote mbili si bure. Tukikadiria shilingi 200 kwa siku, kwa siku 24 za kazi, hiyo ni 4,800. Msaidizi wa nyumbani anayekaa na watoto hadi usiku humlipa 3,000 zaidi ya ambazo angemlipa kama yeye angerudi alasiri. Jumla ni 7,800. Tukiondoa 3,770 ambazo meneja amemzidishia, tunakuta kwamba ile kazi ya 66,000 inamwachia kama shilingi 4,000 zaidi kila mwezi kuliko ile ya 72,000. Wako ambao hesabu yao itakuja kinyume: kazi mpya iko mbali, au kazi ya zamani ina bima ya matibabu ya familia nzima na mpya haina. Kila mmoja aipige yake, kwa hati yake mwenyewe ya mshahara, kabla hajajibu.

Lakini hata kama hesabu ingempa meneja ushindi, lingebaki lile la saa. Mama huyu hakuandika barua kwa sababu ya fedha. Aliandika kwa sababu ya Magharibi na watoto. Na katika yote aliyoyasema meneja, saa hazikutajwa hata mara moja. Hii ndiyo alama ya kuitazama. Tunawashauri dada zetu, usiku ule wa kuandika barua ya kujiuzulu, waandike pia kwenye daftari lao, kwa mistari miwili au mitatu, kwa nini wanaondoka. Siku ya kuongezwa mshahara wafungue daftari hilo wasome. Ikiwa sababu iliyoandikwa humo haikuguswa na nyongeza, basi baada ya miezi mitatu atakuwa na mshahara mzuri zaidi na uchovu ule ule, na safari hii hatakuwa na shule inayomngojea.

Huenda mama huyu akataka kumpa meneja wake nafasi ya kuligusa jambo lenyewe. Ni sawa. Amwambie: "Kinachonitoa hapa si mshahara, ni kutoka usiku. Nikibaki, naomba nitoke saa kumi na moja kila siku. Meli ikiingia jioni, hati atazimaliza nani?" Jawabu la swali hilo la mwisho ndilo litakalompa uamuzi. Meneja akitaja jina la mtu, au akisema kwamba karani wa pili anaajiriwa na tangazo limeshatoka, basi kuna la kuzungumza. Akisema "tutaona" au "tutapanga", ajue kwamba kazi ile bado ni yake, na itaendelea kufanywa saa zile zile, maana meli haibadilishi ratiba kwa sababu mtu ameongezwa mshahara.

Ni wakati gani basi kubaki ni uamuzi mwema? Tunaona ni pale ambapo mtu anaipenda kazi yake, anapatana na wakubwa wake, saa zinamtosha, na kitu kimoja tu ndicho kilichomsukuma, nacho ni mshahara uliobaki nyuma kwa miaka, wala hakuwahi kuuliza. Wako wengi wa namna hii, hasa wanawake, ambao huona haya kudai haki yao hadi siku ya kuaga. Huyu nyongeza imeiponya sababu yake yenyewe. Tena asisahau kwamba kazi mpya ina muda wa majaribio. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu majaribio ya hadi miezi sita, ambayo yanaweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi kwa muda usiozidi miezi sita mingine, na katika muda huo mkataba waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku saba. Mama anayelea peke yake, au mwenye mtoto aliye katikati ya matibabu yanayolipwa na bima ya kazini, ana haki ya kulipa jambo hili uzito mkubwa. Vivyo hivyo mwenye mkopo wa chama cha akiba unaokatwa moja kwa moja kwenye mshahara, au aliyechukua mshahara wa mapema: aulize deni hilo litakuwaje atakapotoka, asije akakuta malipo yake ya mwisho yamemezwa lote.

Liko jambo jingine ambalo ni zito kuliko hesabu. Je, ameshawapa neno wale wa upande wa pili? Ikiwa shule ilimwandikia barua ya kumpa kazi naye hajaitia sahihi, yuko huru, na inatosha kuwaarifu kwa adabu. Ikiwa ametia sahihi, amefunga mkataba. Shule imewaambia waombaji wengine kwamba nafasi imejaa, na pengine mmoja wao naye ana watoto. Dini yetu imetufundisha kwamba ahadi itaulizwa, na hatuoni kwamba kuahidiwa fedha nyingi zaidi na mtu mwingine ni udhuru wa kuivunja. Hata kwa macho ya dunia, mkataba huo huenda una kipengele cha notisi kinachomdai hata kabla hajaanza kazi, nasi mji wetu huu ni mdogo, watu hujuana. Kama ipo dharura ya kweli inayomrudisha, aende mwenyewe au apige simu azungumze na aliyemwajiri, siku hiyo hiyo, aombe kuachiliwa. Ujumbe mfupi wa usiku wa manane haufai, na kunyamaza hadi siku ya kuanza kazi ni kuwadhulumu.

Tuseme sasa mtu ameamua kubaki. Meneja alisema, "Barua yako naichana." Wengi huridhika na hilo, na hapa ndipo panapozaa majuto. Barua ya kujiuzulu ikishafika kwa mwajiri, notisi imeanza kuhesabika, na aliyeiandika hawezi kuirudisha peke yake. Yataka mwajiri akubali. Nakala moja huenda iko kwa afisa wa waajiriwa, nyingine makao makuu. Siku 28 zikiisha na hakuna karatasi inayosema vingine, mwajiri anaweza kusema kwamba wewe ndiwe uliyejiuzulu, na utakosa pa kusimama. Kwa hiyo ziandikwe barua mbili. Ya kwanza ni ya mfanyakazi, yenye tarehe, inayosema kwamba anaiondoa barua yake ya kujiuzulu ya tarehe fulani. Ya pili ni ya mwajiri, inayosema kwamba amekubali kuondolewa kwake, kwamba utumishi unaendelea bila kukatika tangu tarehe ya kuajiriwa, na kwamba mshahara wa msingi sasa ni kadha wa kadha kuanzia mwezi fulani. Kama kuna ahadi ya saa au ya msaidizi, iingie humo. Atie sahihi mwenye mamlaka ya kuajiri, si msimamizi wa karibu tu. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 10, inamtaka mwajiri, masharti ya kazi yanapobadilika, aurekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Basi anayeomba karatasi anaomba kilicho haki yake. Nakala aziweke nyumbani, si kwenye droo ya ofisi.

Na mpangilio una maana. Karatasi hizo zipatikane kwanza, ndipo aiarifu kazi ile mpya. Tumesikia ya waliofanya kinyume: wakakataa kazi mpya asubuhi kwa furaha, na jioni wakaambiwa makao makuu hayakuidhinisha nyongeza. Mwezi wa kwanza aikague hati ya mshahara, aone kama kiasi kilichoandikwa ndicho kilichoingia, na katika mstari gani.

Mama wa mfano wetu, baada ya siku zake mbili, hakupewa jina la mtu wa kumaliza hati za jioni. Kwa hiyo sisi tungemshauri aende zake. Jawabu lake liwe la upole na lisiache mlango wazi nusu: "Nimefikiri sana, bwana. Nashukuru kwa nyongeza uliyotaka kunipa, lakini nimewapa wenzangu neno langu, nami nitaondoka tarehe niliyoiandika. Nitaikabidhi kazi vizuri." Akiulizwa kama 75,000 zingembadilisha nia, aseme hapana, asicheke wala asijadili. Anayejadili bei baada ya kusema ameamua huonekana kwamba alikuwa akinadi.

Siku zilizobaki azitumie kuandika orodha ya mizigo iliyo mikononi mwake, kila mzigo hati zake zimefikia wapi na nani afuatwe, na aikabidhi kwa sahihi. Huo ndio ulinzi wake ikiwa baada ya mwezi kutatokea kosa na jina lake likatajwa. Pengine meneja, kwa hasira, atamwambia aondoke leo leo. Asibishane. Mwajiri anayeikata notisi ya mfanyakazi anapaswa, kwa kifungu cha 38, kumlipa mshahara wa siku zilizobaki za notisi, isipokuwa wawe wamekubaliana vingine. Siku za likizo alizokuwa hajazichukua nazo zihesabiwe. Na asitoke bila kuomba cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinampa haki ya kupewa cheti chenye jina na anwani ya mwajiri, jina lake, tarehe aliyoanza, kazi aliyoifanya na mahali alipoifanyia, na tarehe aliyoacha. Barua ya sifa ni jambo jingine; hiyo mwajiri halazimiki kuitoa, nayo huombwa kwa hisani, na wakati mzuri wa kuiomba ni baada ya orodha ile ya makabidhiano kupokelewa, meneja akiwa ameona kwamba meza haikuachwa tupu kama alivyohofu.